AFYA YA NYUMBANI: Chupa Mbili Zilizotoka Kanada

Tumepata barua ya msomaji wetu mmoja wa Mombasa, ambaye kaka yake akaaye Kanada alikuja kuwazuru akamletea chupa mbili na kifuko kimoja. Chupa ya kwanza ina shira nyeusi ya tunda liitwalo eldaberi, iliyochanganywa na asali. Ya pili ina matone ya ekinasia. Katika kifuko mna matunda makavu ya hiyo eldaberi. Kaka amemwambia kwamba huko kwao msimu wa baridi nyumba haikosi vitu hivi, kwani huondoa mafua na influenza upesi. Naye dada yetu ana mtoto mchanga wa miezi minane, mwingine wa miaka sita mwenye pumu, na mama mkwe anayetibiwa baridi yabisi kwa vidonge vya methotreksati. Atuuliza ampe nani, na amnyime nani.

Mimea hii si ya kwetu, basi tuieleze kwanza. Eldaberi ni mti mdogo wa Ulaya na Amerika wenye vishada vya matunda meusi, kila tunda kadiri ya punje ya pilipili manga. Ekinasia ni ua la mbuga za Amerika ya Kaskazini, na ni la jamaa moja na alizeti. Ujamaa huu msomaji aukumbuke, kwani tutaurudia.

Ama habari ya kuponya, kaka hakusema uwongo. Alikunywa, akapona. Lakini mafua huondoka yenyewe baada ya wiki moja au zaidi kidogo, na mtu aliyekunywa maji matupu angepona vilevile. Ndiyo sababu matabibu hawahesabu waliopona tu. Huwagawa wagonjwa mafungu mawili, fungu moja likapewa dawa na la pili likapewa shira ya rangi na ladha ileile isiyo na dawa, wala mgonjwa hajui amepewa ipi. Kisha hutazama ni fungu lipi lililotangulia kupona.

Jaribio la namna hiyo lilifanywa Norwei, na khabari zake zikachapishwa mwaka 2004. Wagonjwa walikuwa 60, watu wazima wenye dalili za influenza ambao hawajapitisha saa 48 tangu kuugua. Waliopewa eldaberi walikunywa mililita 15, yaani kijiko kikubwa kimoja, mara nne kwa siku kwa siku tano. Hao walipata nafuu siku nne kabla ya wenzao, kwa wastani. Siku nne ni nyingi mno, na si ajabu kwamba wauzaji hawachoki kulitaja jaribio hili. Ila watu 60 ni wachache, na jambo kubwa hivyo halina budi kujaribiwa tena na watu wengine.

Likajaribiwa tena huko Ohio, Amerika, katika hospitali ya Klivilandi, na matokeo yakatoka mwaka 2020. Safari hii wagonjwa 87 walifuatwa hadi mwisho, watoto wa miaka mitano na zaidi pamoja na wakubwa, na kila mmoja alikuwa amepimwa makamasi yake ikathibitika kwamba ni influenza hasa. Waliokunywa eldaberi walipona kwa siku 5.3, na waliokunywa shira tupu kwa siku 4.9. Hapana faida iliyoonekana. Tena baadhi yao walichagua kutumia pia oseltamiviri, dawa ya influenza itolewayo na daktari. Walipotazamwa wale wasioitumia, waliokunywa eldaberi walichelewa kupona kwa siku mbili hivi. Hatusemi kwamba eldaberi huongeza ugonjwa, kwani fungu hilo dogo halitoshi kuthibitisha neno zito kama hilo. Lakini tukiyaweka majaribio haya mawili katika mizani, hili la pili ndilo zito zaidi kwetu, nalo halikuiona faida ile ya Norwei.

Ekinasia ina shida nyingine. Jina ni moja, vitu ni vingi. Yuko atengenezaye kwa mizizi, yuko atumiaye maua, na aina za mmea wenyewe ni kadha wa kadha. Kwa hivyo chupa moja ikisifiwa kwa haki, sifa hiyo haiendi kwa chupa ya jirani yake. Mwaka 2014 wataalamu walikusanya majaribio 24 ya watu zaidi ya 4,600. Hawakupata uthibitisho kwamba humtibu aliyekwisha kushikwa na mafua. Labda hupunguza kidogo sana uwezekano wa kushikwa. Na kwa watoto khabari ni mbaya zaidi. Watoto 407 wa Amerika, wa miaka 2 hadi 11, walifuatwa katika jaribio lililochapishwa mwaka 2003. Mafua yao yalidumu siku tisa, wapewe ekinasia wasipewe. Lakini waliopewa walitokwa na vipele katika mafua 7 kwa kila 100, hali wengine hawakufika 3 kwa 100.

Sasa tuingie nyumbani kwa dada yetu. Mtoto mchanga asionje shira ile hata kidogo, kwa sababu ya asali. Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja aweza kupata kwa asali sumu ilegezayo viungo na kuzuia pumzi. Huyu wa miaka sita asipewe ekinasia. Wenye pumu, na wale ambao miili yao huchukia vumbi la maua ya jamaa ya alizeti, ndio wanaokhofiwa kuvimba, kutokwa na vipele na kubanwa na pumzi. Na huko Uingereza tangu mwaka 2012 wakuu wa dawa wameshauri isipewe mtoto aliye chini ya miaka 12.

Mama mkwe ndiye tunayemkhofia zaidi. Baridi yabisi ya namna yake hutokana na kinga ya mwili inayougeukia mwili wenyewe, na methotreksati kazi yake ni kuituliza kinga hiyo. Ekinasia na eldaberi husifiwa kwa kuiamsha. Aziache zote mbili, na vivyo hivyo mtu aliyepandikizwa figo. Mwenye mimba na anyonyeshaye wasizitumie bila kumwuliza daktari. Mwenye kisukari naye autazame wingi wa sukari katika shira.

Kuna neno ambalo dada yetu hakutuuliza. Matone mengi ya ekinasia hutengenezwa kwa kuloweka mmea katika pombe. Asome karatasi ya chupa, na akiona kileo kimetajwa atajua la kufanya.

Na kile kifuko? Eldaberi mbichi, na zaidi majani na vijiti vyake, zina kitu ambacho tumboni hutoa sumu ya sayanaidi, moto huiondoa. Agosti 1983, huko Kalifonia, watu waliokusanyika mahali pa mbali walikamuliwa maji ya eldaberi mbichi pamoja na majani na matawi. Kabla ya dakika 15 kupita walianza kutapika. Watu 11 waliugua, wanane wakachukuliwa hospitali kwa helikopta, na mmoja aliyekunywa gilasi tano alizubaa akalazwa usiku ule. Wote walipona. Basi matunda yale asiyaloweke tu na kuyanywa. Akitaka kuyatumia, atoe vijiti, ayachemshe barabara, kisha achuje mbegu.

Shira ya chupa, dada yetu na mumewe, wakiwa wazima na bila dawa nyingine, waweza kuinywa wakipenda utamu wake. Lakini influenza ikimshika mama mkwe au yule mtoto wa pumu, wasingoje kuona shira itafanya nini. Wampeleke kwa daktari siku ileile, maana oseltamiviri hufaa zaidi ikianzwa kabla ya saa 48 kupita, na kila kijiko cha kungojea hupunguza saa hizo.