Vyanzo vinne, akaunti moja

Wanaofundisha vijana kuishi kwa video za mtandaoni wana orodha yao, na kwa kuisikia mara nyingi nimeikariri: matangazo, wadhamini, bidhaa, huduma. Orodha haina kosa. Kosa limo katika madai yanayotembea nayo, na hayo ndiyo nataka kuyajibu. Tusije tukabishana hewani, nitamtumia mtu mmoja wa kubuni: dada fundi cherehani wa Dar es Salaam anayefundisha kukata na kushona magauni kupitia YouTube. Hesabu zake ni za mfano. Kanuni nitakazozitaja ni za kweli.

Dai la kwanza linasema: ongeza watazamaji, matangazo yatakulisha.

Fundi wetu hutazamwa mara 200,000 kwa mwezi. Ndani ya YouTube Studio kuna kipimo kinachoitwa RPM, yaani pesa anayobaki nayo kwa kila kutazamwa mara 1,000 baada ya YouTube kuchukua chake. Kwa matangazo ya video ndefu, mwenye chaneli huachiwa asilimia 55. Tuseme RPM yake ni senti 70 za dola. Anapata dola 140, na tukiihesabu dola kwa shilingi 2,500, hizo ni shilingi 350,000. Si haba. Ila senti 70 hizo hazitokani na ufundi wake. Zinaamuliwa na anayetazama, mahali alipo, na mwezi wenyewe. Kampuni hailipi bei moja kumfikia mtazamaji wa Tandika na kumfikia ndugu yake aliyeko Minnesota.

Kisha inakuja Januari. Makampuni humwaga pesa za matangazo kuelekea Krismasi na kubana mkono mwaka mpya ukianza. Tuseme RPM imeshuka hadi senti 42, na watazamaji ni walewale. Sasa ana dola 84. Hapo wengi hudhani ameshuka kutoka 140 hadi 84, lakini Google hailipi mpaka salio lifike dola 100. Kwa hiyo siku za malipo, kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata, hapokei chochote. Pesa ipo na haijapotea, inasubiri kujazwa na ya Februari. Mwenye nyumba ndiye asiyesubiri.

Kuna upotevu mwingine usioonekana kwa macho. Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, hivyo mapato yanayotokana na watazamaji walioko Marekani hukatwa asilimia 30 kabla hayajafika. Asiyejaza fomu ya kodi kwenye AdSense anaweza kukatwa hadi asilimia 24 ya mapato yake yote, hata ya watazamaji wa Temeke. Tena kuna redio inayoimba nyuma ya cherehani. Mfumo wa YouTube unautambua wimbo, na mara nyingi video haifutwi: mapato yake yanaelekezwa kwa mwenye wimbo. Fundi anaona idadi ya watazamaji ikipanda huku pesa imelala. Dalili yake ni neno la hakimiliki kwenye orodha ya video ndani ya Studio, na wengi huigundua baada ya miezi.

Dai la pili ndilo linalonikera kuliko yote: "Mimi siko YouTube tu. Niko Facebook, niko Instagram, nina mdhamini, kwa hiyo nina vyanzo vinne." Huyu anahesabu milango ambayo pesa hupitia, wakati cha kuhesabu ni mambo yanayoweza kuzizuia. Machi 2017 makampuni makubwa ya Uingereza na Marekani yalisimamisha matangazo YouTube, baada ya gazeti la The Times la London kuonyesha kwamba yalikuwa yakitokea kwenye video za watu wenye msimamo mkali. Walioumia ni pamoja na wapishi na mafundi wasiohusika hata kidogo. Januari 2018 YouTube ikatangaza kwamba kuanzia mwezi uliofuata, chaneli isiyo na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 haitalipwa tena. Kabla ya hapo kigezo kilikuwa kutazamwa mara 10,000 tu tangu chaneli ianze. Waliokuwa chini ya mstari walipoteza chanzo kwa barua pepe moja.

Mdhamini naye analipia nini? Analipia watu walewale walioko kwenye chaneli ileile. Maonyo matatu ya ukiukaji wa kanuni ndani ya siku 90, na chaneli inafungwa. Ikifungwa, matangazo yamekwenda, mdhamini amekwenda, na bidhaa zilizokuwa zikijulikana kupitia maelezo ya chini ya video zimekwenda pia. Vyanzo vitatu, kifo kimoja. Basi swali la kuuliza kila chanzo ni hili: nini kikitokea, hii inakatika? Vyanzo viwili vikitoa jibu moja, vihesabu kuwa kimoja.

Wapo wanaosema mdhamini ndiye pesa ya kweli, kwa kuwa analipa mara moja kiasi ambacho matangazo huleta kwa miezi. Kwa kiasi, ni kweli. Tuseme muuza vitambaa anampa fundi wetu shilingi 1,200,000 kwa video mbili. Tuusome mkataba. Malipo ni siku 60 baada ya kupokea ankara, kwa hiyo video za Machi zinaweza kulipwa mwishoni mwa Mei. Kipengele cha pili kinamzuia kwa miezi sita "kutangaza au kuuza vitambaa na vifaa vya kushonea visivyo vya kampuni". Neno la kutazama hapo ni kuuza. Likipita hivyo, fundi hawezi kuuza hata paterni zake mwenyewe, kwa sababu mwanasheria wa kampuni atasema paterni ni kifaa cha kushonea. Mdhamini mmoja amefunga chanzo kingine. Dawa yake si kukataa kazi. Aombe zuio libaki kwa washindani watakaotajwa kwa majina, muda upungue hadi mwezi mmoja, na nusu ya malipo itangulie kabla ya kurekodi. Kampuni inayong'ang'ania zuio pana ilipie miezi hiyo sita, si video mbili tu.

Kuhusu bidhaa, ushauri unaozagaa ni fulana na vikombe vyenye jina la chaneli. Fulana 100 kwa shilingi 9,000 kila moja ni shilingi 900,000 zinazotoka siku ya kwanza. Akiuza 30 kwa 18,000 amerudisha 540,000, na sabini zimebaki ndani, nyingi zikiwa za saizi ambayo hakuna anayeitaka. Fulana inauzika pale mtu anapotaka kuonekana ni wa kundi lako. Anayejifunza kukata mkono wa gauni ana haja nyingine, na ameshaisema chini ya kila video: "Dada fundi, naomba vipimo vya hilo."

Jibu la haja hiyo ni paterni ya karatasi. Kuchapa karatasi moja kubwa tuseme ni shilingi 3,500, bahasha 500, makato ya malipo ya simu 200, nauli ya basi kwenda mkoani analipa mteja. Akiuza 10,000 anabaki na 5,800. Anaanza na nakala 20, shilingi 70,000, na zikikwama hazimvunji mgongo. Hatari ya bidhaa hii haiko stoo, iko kwenye mstari. Kwapa likikosewa sentimita mbili, kila aliyenunua ameharibu kitambaa chake, na watarudi wote kwa pamoja. Kwa hiyo kabla ya kuchapa, paterni ishonwe kwa marekani katika kila saizi itakayouzwa, na avalishwe mtu wa saizi hiyo.

Hata paterni hufa na chaneli kama wateja wanajulikana na YouTube peke yake. Kila anayenunua aandikwe, kwa ridhaa yake, jina, namba, saizi na mtindo alionunua, kwenye daftari na nje ya simu. Aombwe pia kuihifadhi namba ya fundi, kwani ujumbe wa WhatsApp unaotumwa kwa wengi kwa mkupuo humfikia tu aliyeihifadhi. Kazi hii haina mvuto, ndiyo maana haifanywi.

Dai kwamba huduma ni kurudi nyuma, ati mtu wa mtandaoni hatakiwi kuuza muda wake, sitalichelewesha. Darasa la Jumamosi la wanafunzi sita kwa shilingi 80,000 kwa mwezi ni shilingi 480,000, nusu yake ikilipwa kabla ya kipindi cha kwanza. Lina kikomo, na kikomo hicho ni cherehani sita.

Limebaki dai la mwisho, kwamba ukishapata vyote vinne uvisawazishe, robo kwa robo. Sioni kwa nini. Tuseme fundi wetu hawezi kuishi chini ya shilingi 600,000 kwa mwezi, na anauza paterni 40, yaani shilingi 232,000. Tumpe majanga mawili, moja moja. Chaneli imefungwa: matangazo sifuri, mdhamini sifuri, paterni tuseme zimebaki nusu kwa sababu ya daftari, shilingi 116,000, na darasa 480,000. Jumla 596,000. Janga la pili, ameugua mwezi mzima: darasa sifuri, mdhamini sifuri kwa kuwa harekodi. Lakini video za zamani zinaendelea kutazamwa, na mdogo wake anaweza kuchapa na kutuma paterni. Matangazo 350,000 na paterni 232,000 ni 582,000.

Kumbe matangazo niliyoyasema vibaya hapo juu yana kazi ambayo darasa haliwezi, na darasa linaziba pale matangazo yanapokatika. Hakuna robo hapo. Pesa ya mdhamini, iliyo kubwa kuliko zote, haimo katika hesabu yoyote kati ya hizo mbili, kwa hiyo kuipangia kodi ya nyumba ni kosa. Ikinunua cherehani ya saba na mwanafunzi wa saba akaja, mwezi wa chaneli kufungwa unatoka 596,000 hadi 676,000. Mwezi wa kuugua haubadiliki. Huo bado unadai shilingi 18,000, na zinapatikana kwa kuuza paterni nne zaidi.