Fundi wa mkataba apewe mradi mmoja, na tarehe ya kutoka

Leo nina jambo linaloniwasha.

Mwaka jana tulimwita kijana mmoja atuandikie sehemu ya malipo ya M-Pesa, kazi ya wiki sita. Akaifanya vizuri, akalipwa, tukaagana. Miezi minane baadaye nilikuwa natafuta jambo lingine kabisa kwenye GitLab yetu, nikamkuta bado yumo. Tena hakuwa kwenye mradi wa malipo peke yake. Alikuwa kwenye kundi zima, miradi kumi na mmoja, ukiwemo ule wa mishahara! Hakugusa kitu, na kosa si lake. Mimi ndiye niliyemwalika kwenye kundi, maana anayeingia kundini hurithi miradi yote iliyo chini yake, nami nilikuwa na haraka.

Wengi husema, "Tutamwondoa akimaliza." Siwaamini, na hata mimi sijiamini. Siku kazi inapoisha kila mtu anahangaika na seva mpya, nani atakumbuka orodha ya wanachama? Tarehe iwekwe siku ile ile ya kumwalika. Fungua mradi wenyewe, si kundi, mwalike, kisha ujaze `Access expiration date`. Kuanzia tarehe hiyo hawezi kuingia tena, kwa hiyo kama ana kazi hadi mwisho wa Septemba, andika 1 Oktoba.

Lakini angalia cheo unachompa. Ukimpa `Maintainer`, anaweza kujiongezea muda mwenyewe, na tarehe yako inabaki pambo tu. Mpe `Developer`, kwa kuandika programu kinamtosha.

Walio kwenye GitHub wana shida zaidi, kwa sababu mgeni wa nje pale anaweza kufungiwa kwenye mradi mmoja lakini hana tarehe ya kuisha. Hapo weka kikumbusho kwenye kalenda ya watu wawili.

Halafu kuna seva. GitLab ikimtoa, akaunti yake ya Linux haijui habari hizo. Sisi tulikuwa tumemfungulia moja ya kufanyia majaribio, nayo pia ilikuwa hai. Wenzangu walikimbilia `passwd -l`, ambayo hufunga nenosiri tu. Mwenye ufunguo wa SSH anaweza kuendelea kuingia kama kawaida. Unaotaka ni muda wa akaunti yenyewe:

```
sudo chage -E 2026-10-01 fundi
sudo chage -l fundi
```

Mstari wa pili unakuonyesha tarehe iliyowekwa. Ukiona `never` mbele ya `Account expires`, mgeni wako bado ni mwenyeji.

Nakala aliyokwisha kuipakua kwenye laptopu yake haifutwi na tarehe yoyote. Funguo za M-Pesa zilizokuwa ndani ya ile nakala ilibidi tuzibadilishe zote, na hiyo ilitula Jumamosi nzima.