Dola: Gharama ya kungojea bei ambayo haiji

KATIKA wiki za mwisho za Januari 2024, dola moja ya Marekani ilikuwa imepita Sh160 nchini Kenya. Wakulima na wafanyabiashara wadogo waliokuwa na dola benki walijikuna vichwa. Wauze sasa, ama wangojee ifike 165, pengine 170?

Wengi walingoja, na walikuwa na sababu. Machi 2023, dola ilipokuwa karibu Sh131, Rais William Ruto aliwaonya waliokuwa wakificha dola kwamba wangepata hasara hivi karibuni. Waliomsikia na kuuza waliiona dola ikizidi kupanda kwa miezi kumi mfululizo. Kufikia Januari, onyo hilo lilikuwa limegeuka mzaha sokoni.

Kisha mambo yakabadilika ghafla. Hofu kubwa iliyokuwa ikiibeba dola ni deni la Yurobondi la dola bilioni 2 lililotakiwa kulipwa Juni 2024. Mnamo Februari, serikali ilikopa dola bilioni 1.5 kutoka masoko ya nje ili kulipa sehemu kubwa ya deni hilo mapema. Mwezi huo huo, bondi ya miundombinu yenye riba inayozidi asilimia 18 iliwavutia wawekezaji wa kigeni, nao wakaleta dola zao. Hofu ilipoondoka, kila aliyeficha dola alikimbilia kuuza. Kabla ya Februari kwisha dola ilikuwa karibu Sh145, na mwishoni mwa Machi karibu Sh132.

Kisa hiki kinaonyesha faida na hatari ya huduma mbili ambazo benki na kampuni za kubadilisha fedha huwapa wateja: arifa ya bei na oda ya bei.

Arifa haiuzi

Arifa ya bei ni ujumbe tu. Mteja huchagua kiwango, tuseme 163, na dola ikifika hapo simu yake hulia. Kuuza ni juu yake. Ujumbe ukija usiku, au akiwa shambani pasipo mtandao, bei inaweza kuwa imeshapita atakapoipata benki.

Kuna mtego mwingine. Arifa nyingi hufuata bei ya katikati ya soko, ile inayotangazwa katika habari. Benki hainunui dola ya mkulima kwa bei hiyo. Soko likiwa 160, benki huenda ikanunua kwa 158 na kuuza kwa 162. Kwa hivyo anayetaka kupokea 163 mkononi anapaswa kuweka arifa yake kwenye 165. Akikosa kufanya hivyo, simu italia, atakimbia benki, naye atashangaa kuambiwa bei nyingine.

Oda ya bei ni agizo. Mteja huiambia benki: uza dola zangu kiasi fulani zikifika bei hii au zaidi. Bei ikifika, benki huuza bila kumpigia simu. Agizo kamili lina kiasi cha fedha, bei ya benki ya kununulia (si ya katikati ya soko) na tarehe ya mwisho. Mteja apewe uthibitisho ulioandikwa. Karani anayesema “nitakukumbuka ikifika” hajapokea oda, amepokea ombi tu. Baadhi ya benki hazichukui oda za viwango vidogo, na ni vyema kuuliza hilo mapema.

Kila mwezi una bei yake

Chukua mfano wa kikundi cha wakulima wa kahawa chenye dola 10,000 mwishoni mwa Januari 2024. Benki inanunua kwa Sh158, hivyo fedha hizo ni Sh1,580,000. Kikundi kina deni la pembejeo la Sh1,000,000 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Kinaamua kungoja 163.

Faida kinayotarajia ni Sh5 kwa kila dola, yaani Sh50,000. Lakini deni linaendelea kula. Riba ya mwezi ni Sh15,000, ambayo ukiigawa kwa dola 10,000 ni Sh1.50 kwa kila dola. Mwezi wa kwanza ukipita, dola inapaswa kufika 159.50 ili kikundi kisipoteze chochote. Baada ya miezi mitatu ni 162.50. Hivyo hata bei ya 163 ikija mwezi wa tatu, faida inayobaki ni Sh5,000 pekee.

Bei hiyo haikuja. Mwishoni mwa Machi benki ingenunua kwa takriban 130. Dola zile zile zingeleta Sh1,300,000. Hasara ni Sh280,000, na ukiongeza riba ya miezi miwili inakuwa Sh310,000. Kikundi kilihatarisha yote hayo kwa kufukuza Sh50,000.

Oda ya bei haikuwa na kosa hapa. Ilifanya kile ilichoagizwa: ilingoja. Kasoro ni kwamba ilitazama juu tu. Haikusema cha kufanya bei ikianguka, wala siku ya kuacha kungoja.

Oda mbili na tarehe moja

Njia salama zaidi ingekuwa kuzigawa dola hizo. Dola 4,000 ziuzwe mara moja kwa 158, zilete Sh632,000 na kupunguza deni. Dola 3,000 ziwekewe oda mbili zinazofutana: ziuzwe zikifika 163, au zikishuka hadi 153, lolote litakalotangulia. Dola 3,000 za mwisho ziuzwe Februari 29, bei iwe yoyote.

Soko likianguka kwa kasi, benki haiwezi kuahidi kwamba oda ya 153 itauzwa kwa 153 hasa. Tuseme iliuzwa kwa 151, ikaleta Sh453,000. Zile za tarehe ya mwisho ziuzwe kwa 143, zilete Sh429,000. Jumla ni Sh1,514,000. Kikundi kimepungukiwa na Sh66,000 ukilinganisha na kuuza zote siku ya kwanza, lakini kimeokoa Sh214,000 ukilinganisha na kungoja hadi Machi. Na kama dola ingeendelea kupanda, zile 3,000 zingeuzwa kwa 163.

Wasiopata oda za namna hii benki wanaweza kuweka arifa mbili badala ya moja: moja juu, moja chini. Ile ya chini ndiyo watu wengi huisahau, na ndiyo ingewaamsha Februari 2024.

Kuanguka kwa ghafla si hatari pekee. Bei inaweza pia kukaa pale pale. Tangu Agosti 2024 na mwaka wote wa 2025, dola ilizunguka karibu Sh129. Aliyeweka lengo la 135 hakupoteza kwa kishindo. Dola zake zililala tu huku riba, karo na bei ya mbolea vikiendelea.

Kwa hiyo kabla ya kuandika bei anayoitaka, mwenye dola aandike kwanza namba tatu: kila mwezi wa kungoja unamgharimu shilingi ngapi kwa dola moja, bei ya chini ambayo hatakubali kuvuka, na siku atakayouza hata kama lengo halijafika. Na fedha inayodaiwa mwezi huu, iwe mshahara wa vibarua au mkopo wa mbegu, haipaswi kuwekewa oda ya kungoja. Hiyo ibadilishwe kwa bei iliyopo.