Mapipa Saba kati ya Thelathini na Sita

Katika mitihani ya udhibiti wa ubora wa dawa limo swali ambalo mwanafunzi wa famasia hulijibu bila kusita. Kiwanda kimepokea mapipa 36 ya gliserini; je, sampuli zichukuliwe katika mapipa mangapi? Mwanafunzi hutafuta kipeuo cha pili cha 36, akapata 6, akaongeza 1, akaandika 7, na mtahini humpa alama zote. Hesabu hiyo haina kosa. Hata hivyo, mfamasia atakayeitumia kiwandani kama alivyoijibu darasani anaweza kupitisha sumu katika dawa ya kikohozi ya mtoto, na hii ndiyo sababu ya kutosha ya kulitazama upya swali lenyewe.

Kanuni hiyo, n = 1 + √N, imo katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 kuhusu uchukuaji wa sampuli za dawa na malighafi zake. Mwongozo huo hauifichi hali yake: unasema kwamba mpango huo haukujengwa juu ya msingi wa takwimu, na kwamba utumike kwa tahadhari, pale tu ambapo malighafi inaaminika kuwa ya namna moja katika shehena nzima na imetoka kwa mzalishaji anayejulikana. Masharti hayo mawili ndiyo moyo wa kanuni. Mitihani mingi huyaacha nje, ikabaki hesabu tupu ya kipeuo.

Uzito wa masharti hayo huonekana mara mtu anapoyaondoa. Tuseme kati ya mapipa 36, pipa moja halina gliserini bali lina daiethilini glaikoli. Mchukua sampuli anafungua mapipa 7 kwa bahati nasibu, na mapipa 29 hayaguswi. Uwezekano wa pipa baya kuwa miongoni mwa yale 29 ni 29 kwa 36, yaani takriban asilimia 81. Hata mapipa mabaya yakiwa 3, uwezekano wa kuyakosa yote matatu bado unafikia asilimia 51. Kwa maneno mengine, ni sawa na kurusha sarafu. Ripoti ya maabara itaandika kwamba hakuna kasoro iliyoonekana, nayo itakuwa imesema kweli.

Mfano wa daiethilini glaikoli haukubuniwa kwa ajili ya darasa. Kimiminika hicho ni kizito na kitamu kama gliserini, hakina rangi, na bei yake ni ya chini, kwa hiyo mdanganyifu hana haja ya ustadi mkubwa. Mwilini huharibu figo. Nchini Haiti, mwaka 1996, zaidi ya watoto 80 walikufa baada ya kunywa dawa ya homa iliyotengenezwa kwa gliserini yenye sumu hiyo. Nchini Panama, mwaka 2006, mapipa 46 yaliyopita mikononi mwa mawakala wa nchi mbalimbali yaliingizwa katika dawa ya kikohozi, na watu wengi wakapoteza maisha. Haki isemwe hapa: mkasa wa Panama haukuletwa na udogo wa sampuli. Hata pipa moja lingepimwa ipasavyo, sumu ingeonekana. Walioipokea shehena waliuamini waraka uliofuatana nayo. Kanuni ya kipeuo hufeli mahali pengine, katika shehena iliyochanganywa, ambamo mapipa mema yamewekwa pamoja na mabaya, au masalio ya bechi mbili yamebandikwa lebo moja.

Kwa sababu hiyo, kanuni za utengenezaji bora wa dawa hutenganisha maswali mawili ambayo mtihani huyachanganya. Swali la kwanza ni utambulisho: je, kilichomo ndani ya pipa hili ndicho kilichoandikwa juu yake? Swali hilo huulizwa kwa kila pipa, yote 36. La pili ni ubora kamili wa bechi, na hapo ndipo sampuli chache zinaweza kutosha. Chanzo kisipojulikana vizuri, mwongozo uleule wa 2005 una mpango mwingine, r = 1.5√N: mapipa yote hufunguliwa na kutambuliwa, kisha sampuli 9 huchaguliwa kwa uchambuzi kamili.

Wapo wanaojitetea kwa majedwali ya kasoro yanayotumika kwa chupa na vifuniko. Katika majedwali hayo, shehena ya chupa 5,000 hukaguliwa kwa sampuli ya chupa 200, na kiwango cha kasoro kikiwekwa asilimia 1, shehena hukubaliwa iwapo chupa zenye kasoro hazizidi 5. Utaratibu huo unafaa, kwa kuwa chupa yenye mchubuko humwudhi mnunuzi na haimwui. Lakini hauwezi kuhamishiwa kwenye pipa la kimiminika, maana hakuna idadi ya mapipa ya sumu inayokubalika. Kikomo cha daiethilini glaikoli katika gliserini ni asilimia 0.10, na kikomo hicho ni cha kila pipa. Si wastani wa shehena.

Neno hilo la wastani lina mtego wake. Ili kuokoa muda, baadhi ya maabara huchanganya sampuli za mapipa 7 kuwa sampuli moja. Ikiwa pipa moja lina asilimia 0.6 ya sumu, mara sita ya kikomo, na mengine sita ni safi, mchanganyiko utaonyesha takriban asilimia 0.09, na shehena itapita. Kuchanganya kabla ya kupima kila sampuli peke yake ni kuinyunyuzia sumu maji mpaka isionekane.

Pingamizi la viwanda vidogo linastahili kusikilizwa. Kufungua mapipa 36 huchukua saa nyingi, gliserini hunyonya unyevu wa hewa, na mashine ya kromatografia ya gesi ni ghali. Lakini kromatografia ya tabaka jembamba, ambayo kibao chake kimoja hupokea sampuli kadhaa kwa pamoja, ni nafuu na hutosha kuchuja mapipa ya kutiliwa shaka kabla ya kipimo cha mwisho. Nafuu ya kutopima kila pipa imo pia katika kanuni za nchi kadhaa, ila hupewa anayenunua moja kwa moja kwa mzalishaji aliyemkagua, si kwa wakala.

Mtahini basi na aliandike swali lake upya: mapipa 36 ya gliserini yamefika kupitia wakala, lebo zote zinafanana, cheti cha uchambuzi ni kimoja; eleza utakachofanya kwa kila pipa, na utaje sharti litakalokuruhusu kutumia n = 1 + √N. Mwanafunzi atakayeandika 7 peke yake asipewe alama.

Kwa wahudumu wa zahanati na wazazi, ambao hawaoni mapipa, dalili huja mwishoni mwa mnyororo: mtoto aliyekuwa akinywa dawa ya maji anatapika, anaumwa tumbo, kisha mkojo wake unapungua au unakoma kabisa. Hapo dawa isimamishwe, mtoto apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na chupa isitupwe hata ikiwa tupu. Namba ya bechi iliyo kwenye lebo yake, ikifikishwa kwa mamlaka ya dawa, ndiyo itakayowaongoza wakaguzi kurudi hadi kwenye pipa ambalo halikufunguliwa.