Tundu lako, kioo changu chini
KIBARAZANI LUMEMO, na Tatu Likwepa

Jumapili iliyopita, saa mbili na nusu asubuhi, kioo cha dada nesi kilianguka bila kuguswa na mtu. Yeye mwenyewe alikuwa amelala, kwani alitoka zamu ya usiku saa moja. Upande wa pili wa ukuta ule ule, mwalimu alikuwa anagongelea msumari wa inchi nne ili atundike saa aliyopewa na wanafunzi wake waliomaliza darasa la saba. Saa ilitundikika. Kioo kikawa vipande chini ya kitanda, na dada nesi akatoka koridoni na khanga begani, hasemi neno, anamtazama mwalimu tu. Heri angemtukana.

Nyumba yetu hapa Lumemo ina vyumba vinne, sebule moja, jiko moja na mita moja ya luku. Wapangaji tuko wanne: dada nesi, mwalimu, kaka anayenunua mpunga vijijini, na mimi. Jioni ya siku hiyo tulikaa kibarazani tukakubaliana namna ya kutoboa na kutundika, nami nikapewa kazi ya kuandika. Waraka wenyewe nimeubandika koridoni. Hapa nauandika tena pamoja na sababu zake, maana najua nyumba nyingi Ifakara zimejengwa kama yetu.

Tuanze na ukuta. Kabla hatujamlaumu mwalimu, tulichokonoa pale msumari wa kioo ulipokuwa. Chini ya plasta hapakuwa na tofali. Palikuwa na udongo. Nyumba nyingi za huku zimejengwa kwa tofali za kuchoma, zilizotoka kwenye matanuri ya kuni au ya pumba za mpunga, zikaunganishwa kwa udongo badala ya saruji, kisha zikapigwa plasta zikapendeza. Kwa kubeba paa, ukuta wa namna hiyo unatosha. Kubeba msumari ni habari nyingine. Ukigonga kwenye kiungo cha udongo, msumari unaingia kwa raha, unajiona fundi, kumbe umeuchomeka kwenye vumbi lililokauka. Msumari wa dada nesi ulikaa hivyo miezi minane. Nyundo ya mwalimu iliutikisa mara sita au saba, basi.

Ndiyo maana sharti la kwanza ni kwamba hakuna tena kugongelea msumari mnene kwenye kuta za kati ya vyumba. Kuta hizo ni tofali moja jembamba na plasta pande mbili, kwa hiyo nyundo ya huku inasikika na kufanya kazi kule. Kwa kalenda, picha au rozari, kijisumari chembamba cha inchi moja kinatosha. Kitu kizito kuliko hapo kitatobolewa kwa drili, na kabla ya kutoboa unabisha hodi kwa jirani wa ukuta huo, unamwomba ashushe vitu vyake.

Drili nayo ina adabu zake. Tumekubaliana biti ya milimita 6 ya ukutani, si ya mbao, pamoja na vile viplastiki vya milimita 6 ambavyo mafundi wanaviita fisha. Ile sehemu ya drili inayogonga huku ikizunguka izimwe. Inafaa zege, lakini tofali la kuchoma inalipasua, hasa lile lililokaa pembeni mwa tanuri likaiva nusu. Acha biti izunguke tu, usiikandamize, na kila baada ya muda itoe ili vumbi limwagike.

Vumbi hilo ndilo litakalokwambia umefika wapi. Kunja karatasi kama bahasha uibandike chini ya alama yako, kwanza ili usimwachie mwenzio kazi ya kufagia, pili ili uone rangi. Mwanzo litatoka la kijivu, hiyo ni plasta. Likigeuka jekundu, umeingia kwenye tofali, endelea. Likitoka la kahawia na biti ikazama ghafla kama imeingia kwenye ugali, umekutana na kiungo cha udongo. Simama hapo hapo. Hamisha alama juu au chini kwa upana wa vidole vitatu, ujaribu tena. Wapo wanaoamua kulipanua tundu lile lile na kulijaza vijiti vya kiberiti ili skrubu ishike. Itashika mpaka siku utakapotundika begi la nguo.

Kuhusu kina, tulipima. Plasta ya sebuleni ina kama milimita 15. Fisha yetu ina urefu wa milimita 30, na inatakiwa ikae yote ndani ya tofali, kwani iliyobaki kwenye plasta hung'oka na kipande cha plasta. Jumla ni 45, na tano za akiba kwa vumbi linalobaki ndani, unapata milimita 50. Zungushia biti kipande cha utepe wa gundi kwenye alama ya sentimita tano, utepe ukigusa ukuta unaacha. Sentimita tano haitokezi kwa jirani.

Kabla ya yote hayo gonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Ukisikia mlio wa mtungi mtupu, plasta imeachia tofali, na hapo patabaki bila kitu chochote. Kwetu sehemu mbaya kuliko zote ni usawa wa magoti kushuka chini. Mto Lumemo ukifurika hutupa salamu mpaka ndani, na plasta iliyokwisha kunywa maji mara moja haishiki tena kama zamani.

Sasa umeme. Nyaya za nyumba hii zinashuka kutoka darini ndani ya paipu zilizofukiwa ukutani, moja kwa moja hadi kwenye swichi au soketi. Kwa hiyo juu na chini ya kila swichi na kila soketi, kuanzia darini hadi sakafuni, kuna njia ambayo haitobolewi, upana wa kiganja kila upande. Kati ya soketi mbili zilizo kwenye ukuta mmoja pia usitoboe, maana mafundi wengine huunganisha kwa mkato. Kaka wa mpunga aliuliza swali la maana: tukizima mein swichi, drili itatumia umeme gani? Jibu ni kuzima breka ya chumba kinachotobolewa peke yake, kuhakikisha kwa testa kwamba soketi za chumba hicho zimekufa, halafu kuvuta ekstensheni kutoka chumba kingine. Drili ya chaji ikipatikana, zima mein kabisa, wote tukae bila feni dakika kumi. Hatutakufa kwa joto, ingawa Januari nitalitazama upya sharti hili.

Nimefika kwenye jambo lililotuchukua muda mrefu kuliko yote, nalo ni vyandarua. Mwenye nyumba alituambia siku ya kwanza kwamba hataki kuona tundu jipya hata moja. Namwelewa, ukuta ni wake. Lakini hili ni bonde la Kilombero. Hapa ndipo miaka ya 1990 mwishoni mradi wa KINET ulipouza, wilayani Kilombero na Ulanga, vyandarua vilivyoitwa Zuia Mbu, na watafiti walipofuatilia waliona kwamba vyandarua vyenye dawa viliendana na ongezeko la asilimia 27 la watoto kubaki hai, kuanzia wa mwezi mmoja hadi wa miaka minne. Huwezi kukaa mji wenye historia hiyo halafu ukafunga kona moja ya chandarua kwenye dirisha, nyingine kwenye mlango wa kabati, ya tatu kwenye msumari wa kioo, na ya nne ukaikalia.

Tulimpigia simu mwenye nyumba, mimi nikiwa msemaji. Nilimwambia hatuombi matundu ya kila mpangaji. Tunaomba kulabu nne kwa kila chumba, ziwekwe mara moja, zisitolewe na anayehama. Vyumba vinne, kulabu 16. Chandarua ni chepesi, kwa hiyo fisha ya milimita 6 inatosha, mradi iwe kwenye tofali. Tena ziwe juu, karibu na dari, na pana kuliko kitanda, ili kitanda kikisogezwa usilazimike kutoboa upya: unavuta kamba kati ya kulabu na kulabu, chandarua unakifunga kwenye kamba. Dari yetu ni ya jipsamu, haibebi kulabu peke yake, kwa hiyo vile vyandarua vya duara vinavyoning'inia kwenye nukta moja tumeviacha. Alinyamaza, akauliza nani atanunua kulabu. Nikasema sisi. Akakubali. Nilimwomba aandike hata kwa ujumbe mfupi, akaandika.

Runinga ya ukutani, shelfu la vyombo na chochote kinachozidi kilo 10 vinahitaji ruhusa yake ya maandishi na fundi anayejulikana. Hili si ukali wangu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mpangaji arudishe nyumba kama alivyoikuta, ukiondoa uchakavu wa kawaida wa matumizi. Matundu sita ya runinga huwezi kuyaita uchakavu. Nasema kwa uchungu. Nyumba niliyokaa zamani, siku ya kuhama mwenye nyumba alipita na kalamu nyekundu akahesabu matundu 23, nami nilikumbuka kutoboa tisa. Yaliyobaki aliyaacha mpangaji wa kabla yangu, aliyeyaziba kwa dawa ya meno. Yalionekana nilipoosha ukuta. Nililipia yote.

Kwa sababu hiyo nyumba sasa ina daftari. Siku tulipolianzisha tulizunguka na kuandika matundu tuliyoyakuta: 41, mengi yakiwa sebuleni, na tukapiga picha. Anayetoboa anaandika tarehe, ukuta, ukubwa na jina lake. Akihama anayaziba: achokonoe vumbi, alowanishe tundu kwa maji, ashindilie saruji kipimo kimoja na mchanga laini uliochekechwa vipimo vitatu, aache ikauke siku mbili ndipo apake rangi. Usipolowanisha, tofali linanyonya maji ya saruji yote, na ile ziba inatoka nzima kama gololi.

Saa za kutoboa ni kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili jioni, isipokuwa dada nesi akiwa zamu ya mchana, ndipo asubuhi inaruhusiwa. Ratiba yake ameibandika mlangoni. Jumapili hapana.

Mwalimu amenunua kioo kipya, na Jumatano alikitundika mwenyewe kwa skrubu na fisha, vumbi likitoka la kijivu, kisha jekundu hadi mwisho. Limeandikwa katika daftari, tundu namba 42. Daftari liko juu ya mita ya luku na kalamu imefungwa kwa kamba. Naombeni kalamu hiyo isihame.