Kitufe cha Print Screen hakijaharibika, kimenyamaza tu

Juzi mpwa wangu alinijia na laputopu yake akiwa amekasirika. "Anko, hiki kitufe ni kibovu. Nimekibonyeza mara kumi na hakuna picha." Alikuwa ametuma maombi ya kazi kwenye mtandao, akaonyeshwa ukurasa wenye nambari ya uthibitisho, na ukurasa huo hautokei mara ya pili. Akabonyeza Print Screen, akafunga ukurasa, kisha akaanza kuitafuta picha katika kila folda.

Kitufe kilikuwa kizima. Kilikuwa kimefanya kazi yake, ila hakikumwambia chochote.

Jina lenyewe linapotosha, na lina historia. Kwenye kompyuta ya IBM PC ya 1981, ukibonyeza kitufe hicho pamoja na Shift, maandishi yaliyokuwa kwenye skrini yalitoka kwenye printa. Windows ilipokuja, jina lilibaki lakini kazi ikabadilika. Kitufe sasa kinachukua picha ya skrini nzima na kuiweka kwenye ubao wa kunakili, yaani ile sehemu ya kumbukumbu ambamo maneno hukaa ukibonyeza Ctrl + C. Hakuna faili inayotengenezwa, ndiyo maana hata ukipekua folda zote hutaipata.

Kuitoa picha ni rahisi:

1. Bonyeza PrtSc. Kwenye laputopu nyingine utahitaji kushika Fn pia. Ukitaka dirisha moja tu, bonyeza Alt + PrtSc.
2. Fungua Paint, au barua unayoandika kwenye Word.
3. Bonyeza Ctrl + V. Picha itatokea.
4. Kama uko Paint, bonyeza Ctrl + S, chagua PNG, ipe jina. Sasa ndiyo una faili.

Usijaribu kuibandika kwenye kisanduku cha kuandikia maneno matupu, kama kile cha kuandikia anwani ya tovuti. Hakuna kitakachotokea, nawe utadhani picha haikuchukuliwa.

Tatizo la mpwa wangu lilikuwa hapa: ubao wa kunakili hushika kitu kimoja kwa wakati. Baada ya kuchukua picha alinakili nambari ya simu ili amtumie rafiki yake. Tulipofungua Word na kubonyeza Ctrl + V, ilitokea nambari ya simu. Picha ilikuwa imefutwa na kile kilichokuja baada yake. Kuzima kompyuta pia huifuta.

Kuna historia ya ubao huo, inayofunguliwa kwa Windows + V, na imekuwapo tangu toleo la Windows 10 la mwishoni mwa 2018. Lakini ni lazima uiwashe kabla. Kwake ilikuwa imezimwa, kwa hiyo nambari ya uthibitisho ilipotea kabisa.

Sasa maoni yangu. Wengi husema kitufe hiki kingehifadhi faili moja kwa moja. Sikubaliani nao. Mimi huandika programu, na kwa siku naweza kupiga picha ishirini za makosa ya skrini, nikabandika kila moja kwenye barua pepe na kuisahau. Sitaki faili ishirini za takataka. Kitufe hakiwezi kujua unataka picha iende wapi, kwa hiyo kukuachia uamuzi ni sawa.

Kosa ni ukimya. Programu inayofanya jambo bila kutoa ishara yoyote inamfanya mtumiaji aamini imeshindwa, na mtu anayeamini hivyo hafikirii kwamba ana kitu cha kupoteza. Ishara ndogo tu ingetosha. Hata Microsoft wanaelekea kuliona hilo: tangu 2023, kwenye Windows 11 nyingi kitufe hiki hufungua Snipping Tool. Skrini inafifia, unachagua sehemu unayotaka, na unajua kuna jambo limefanyika. Lakini kompyuta za zamani ni nyingi, nazo bado zinanyamaza.

Kwa hiyo nilimfundisha mpwa wangu kanuni moja. Ukiwa na jambo usiloweza kuliona tena, kama risiti au nambari ya uthibitisho, usitumie PrtSc peke yake. Bonyeza Windows + PrtSc. Njia hii imekuwapo tangu Windows 8 ya 2012. Skrini hufifia kidogo, na faili ya PNG hujiweka kwenye folda ya Pictures, ndani ya Screenshots. Ifungue uione kwa macho yako, ndipo ufunge ule ukurasa.

Yeye ilibidi aandikie ofisi ile na kuomba nambari upya. Bado anasubiri jibu.