Usifupishe Ikisiri, Chagua Jambo Moja

Wasee, wacha niseme ukweli. Mara ya kwanza kupewa dakika tano kongamanoni, nilichukua ikisiri yangu ya maneno 400 nikaitawanya kwenye slaidi kumi na nne. Kengele ililia nikiwa bado kwa mbinu za utafiti. Matokeo hayakusikika. Nilipigiwa makofi ya huruma nikashuka.

Shida haikuwa urefu. Mimi huongea kama maneno 110 kwa dakika, kwa hivyo maneno 400 yangeisha kabla ya dakika nne. Shida ilikuwa mpangilio. Ikisiri huanza na usuli, halafu mbinu, halafu matokeo, kwa sababu msomaji akipotea anaweza kurudi juu. Anayesikiliza hana pa kurudi.

Mara ya pili niliruhusiwa slaidi tatu tu. Utafiti ulihusu madeni ya kibanda cha mboga cha shangazi yangu. Ikisiri ilikuwa na matokeo manne, nikabakisha moja: kuna wateja wamelipa lakini daftari bado linawadai. Mama anakopa sukuma, mume anatuma pesa, na ujumbe wa M-Pesa unakuja na jina ambalo daftari halilijui.

Slaidi ya kwanza ni picha ya daftari, deni moja halijakatwa. Dakika moja. Ya pili ni deni hilo kando ya ujumbe wa malipo, majina yamefichwa nusu. Dakika mbili. Ya tatu ni sentensi moja: andika namba itakayolipa kando ya kila deni. Dakika moja, na inabaki ukutani wakati wa maswali. Dakika ya tano niliiachia maiki na projekta, maana hizo husumbua kila mara.

Mbinu niliziweka kwa karatasi mfukoni, nikingoja kuulizwa. Lakini wanaosema utupe tahadhari zote, hapo nakataa. Mimi nilichunguza kibanda kimoja. Nisiposema hivyo, watu wataenda nyumbani wakidhani nimezungumzia mama mboga wote wa Nairobi. Tahadhari ikitolewa na dai likabadilika, hiyo haitolewi. Iingize kwa sentensi yenyewe: "Katika kibanda kimoja nilichochunguza..."

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilimsimulia jirani anayeuza smoki, nikamwomba anirudishie. Akasema, "Kumbe shangazi yako hajui hesabu?" Hapo nikajua nimeharibu mwanzo, kwa sababu nilianza na makosa ya daftari. Nikabadilisha sentensi moja tu, ile ya kwanza: "Huyu mteja amelipa." Nikamsimulia tena. Akasema, "Sasa si aandike namba ya mzee?"

Hiyo ndiyo ilikuwa slaidi yangu ya tatu. Nikafunga laptopu, nikalala.